Kabla hujalaumu 595, tuma sifuri

Wadogo zangu, wiki hii nimeona bredibodi tatu zenye ugonjwa mmoja, namba zinatoka vibaya kwenye kioo cha vipande saba, na kila mwenye nayo keshakwenda Kariakoo kununua 74HC595 nyingine, ile chipu inayopokea biti moja moja na kuzitoa zote nane kwa pamoja. Chipu haina kosa. Msimbo wako ndio una kosa.

1. Resista ni moja kwa kila kipande, omu 470. Ukiweka moja tu kwenye mguu wa pamoja wa kioo, namba 1 itawaka kali na 8 itafifia.

2. Mguu wa 13 wa chipu uende graundi, wa 10 uende volti 5. Ukiuacha wa 10 unaelea, namba unayotuma itafutika ukisogeza tu kidole.

3. Data kwanza, kloki baadaye. Hapa ndipo mnapolia wote. 595 inasoma mguu wa data, SER, pale mguu wa kloki, SRCLK, unapopanda, basi. Ukipandisha kloki halafu ndiyo uweke biti, chipu inameza biti iliyokuwapo kabla, na namba nzima inachelewa hatua moja.

Chukua kioo cha kathodi ya pamoja, kipande a kwenye mguu wa QA hadi g kwenye QG, nukta kwenye QH. Sifuri ni 0x3F. Ikichelewa hatua moja inakuwa 0x1F: kipande f, kile cha kushoto juu, hakiwaki. Mnasema waya umekatika, mnachomoa, mnachomeka. Tuma sifuri tena: sasa na nukta inawaka, maana biti ya mwisho ya namba iliyopita, yaani 1, ilibaki kwenye pini ikasomwa kama ya kwanza. Waya mbovu hauwashi nukta, jamani! Na msijaribie kwa 8. Ikichelewa, 0x7F inakuwa 0x3F, unaona sifuri safi kabisa na unaanza kushuku jedwali lako la namba.

```c
for (int8_t i = 7; i >= 0; i--) {
  digitalWrite(DATA, (v >> i) & 1);
  digitalWrite(CLK, HIGH);
  digitalWrite(CLK, LOW);
}
digitalWrite(LATCH, HIGH);
digitalWrite(LATCH, LOW);
```

LATCH ni RCLK, mguu unaotoa biti zote nane kwenye kioo kwa pamoja, na inapigwa mara moja tu, nje ya kitanzi. Ukiiingiza ndani, vipande vitamemetameta kila unapobadilisha namba.

4. Kitanzi kinaanza na 7 kwa sababu biti inayotangulia ndiyo inayosukumwa mbali zaidi, hadi QH. Ukianza na 0, sifuri inageuka 0xFC: unaona herufi b na nukta pembeni. Ukiona kioo kiko giza kabisa, usiguse kitanzi. Huenda umeuziwa kioo cha anodi ya pamoja. Hamisha mguu wa pamoja kutoka graundi kwenda volti 5: sifuri itatoka kistari cha katikati na nukta tu. Kisha tuma `~v` badala ya `v`. Na siku nyingine pima kwa mita, kwenye alama ya diodi, ukiwa bado umesimama dukani.