Niliambiwa kwa simu kazi ni yangu, sijasaini kitu

"Meneja alinipigia Ijumaa: kazi ni yangu, elfu 45 kwa mwezi, naanza tarehe 1. Nikakubali, nikaacha kibarua changu. Leo anasema wamebadili nia. Sina karatasi. Niko na haki?"

Kwa Kenya, unayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo. Kazi, mshahara na siku ya kuanza vilitajwa, nawe ukakubali. Angekuambia "tukishapata majibu ya wadhamini wako," ingekuwa habari nyingine. Kazi ngumu ni ushahidi. Mwandikie wasap leo, kwa upole, ukitaja mlichokubaliana Ijumaa. Akijibu bila kukana, hifadhi. Ila usihesabu mamilioni: anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28, na fidia kwa asiyeanza kazi huwa karibu na hapo.

— Lakini mkataba wa miezi mitatu kwenda juu lazima uandikwe. Huo wake ni bure.

Nusu kweli. Kuuandika ni jukumu la mwajiri, kifungu cha 9. Asipoutoa kortini, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai ni wake. Hata hivyo, wakili wao atasema hukuwahi kuwa mfanyakazi, na hapo kuna mvutano wa kweli.

— Mimi niliambiwa "tutakupigia," nikangoja miezi minne. Nishtaki?

Ndugu, hiyo haikuwa ofa.