Miaka miwili ya chuo, alama ziko kwenye simu: niandikeje barua ya kazi?

Swali: Dada, mimi ni wa Goma, sasa niko Nairobi. Nilimaliza miaka miwili ya chuo upande wa umeme, wa tatu nilikuwa nimeuanza vita vikatukimbiza. Diploma ya Taifa ninayo orijino, lakini alama za chuo ni picha tu kwenye simu. Kazi ya sola naijua, nilifanya na mjomba. Kuna kampuni inatafuta fundi msaidizi. Niandike aje bila kudanganya na bila kuonekana wa kuhurumiwa?

Jibu: Kaka, anza na majina ya vyeti vyako. Hapo ndipo Wakongo wengi hukwama kabla hata barua haijasomwa hadi mwisho.

Diploma ya Taifa kwenu ni cheti cha kumaliza sekondari. Kenya, diploma ni ya chuo, na mtu huipata baada ya sekondari. Ukiandika "Diploma" peke yake, anayepanga mafaili atakuweka kwenye kundi la waliomaliza chuo. Siku ya usaili ikigundulika ni ya sekondari, unaonekana umedanganya, na hukudanganya. Niliwahi kumwekea mwombaji mmoja alama ya kuuliza kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuja kuelewa kosa ni langu miezi mingi baadaye, nafasi ikiwa imeshachukuliwa. Kwa hiyo andika jina la Kifaransa kama lilivyo kwenye karatasi, na mbele yake: "cheti cha kumaliza sekondari, cha ngazi ya KCSE", yaani cheti cha sekondari cha Kenya. Ukitaka karatasi rasmi ya kulinganisha, Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari vya nje.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa fundi umeme. Shahada ya kwanza kwenu inaitwa lisansi. Ukiiacha hivyo kwenye wasifu wako, fundi wa hapa atasoma "leseni", na leseni ya umeme au ya sola hapa hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati. Utakuwa umedai kitu kizito bila kujua. Andika "shahada ya kwanza ya umeme, haijakamilika", kisha useme ulifika wapi. Ikiwa ulisoma mfumo mpya wa LMD na ulifaulu kozi zote, kila mwaka una krediti 60 na shahada nzima ni 180. Basi una krediti 120 kati ya 180. Nambari hiyo ina nguvu kuliko neno lolote la kujieleza, kwa kuwa msomaji anaona theluthi mbili ya shahada badala ya mtu aliyeacha shule.

Alama zenyewe zinahitaji neno moja la msaada. Kwenu hupimwa kwa 20, na 10 ndiyo ya kufaulu. Mkenya akiona 13 bila maelezo atadhani ulianguka. Andika "13 kati ya 20 (ya kufaulu ni 10)", yatosha.

Sasa hizo picha. Usikubali kijana wa saiba akuchapie upya karatasi ya alama "ili ipendeze". Hata kama kila nambari ni ya kweli, tayari ni karatasi iliyotengenezwa Nairobi, na mwajiri akiishika hataamini hata ile diploma yako orijino. Chapisha picha ilivyo, na mikunjo yake, kisha kwenye orodha ya viambatisho useme kila kitu ni nini: "Cheti cha sekondari, orijino ninayo. Alama za mwaka wa 1 na wa 2, picha ya simu. Orijino ilibaki chuoni." Tafsiri ya Kiingereza ifanywe na mfasiri mwenye muhuri na iambatane na picha, isichukue nafasi yake. Unaweza pia kula kiapo mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha kwamba picha hizo ni za karatasi zako. Kiapo hicho hakigeuki cheti, ila kinaonyesha uko tayari kuwajibishwa. Wakati huo huo andikia aparitora ya chuo chako, ile ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi, hata kama hujui kama wako kazini. Jibu likija, ni la thamani. Lisipokuja, ile barua pepe yenye tarehe inaonyesha kwamba ulijaribu.

Kuhusu vita, sentensi moja, yenye mwezi na mwaka. Mji wa Goma ulitekwa mwisho wa Januari 2025, na mwajiri yeyote anayesikiliza habari anajua. Huna haja ya kusimulia barabarani mlipita wapi. Andika "masomo yalikatizwa", usiandike "niliacha". Mwenye kuacha ni wewe, wenye kukatiza ni wengine, na msomaji husikia tofauti hiyo hata asipoitafakari.

Nafasi uliyookoa hapo itumie kwa kazi. "Najua sola" haimwambii fundi mkuu kitu. Yeye anataka kujua ulishika nini kwa mikono yako na mjomba alishika nini. Barua utaiandika kwa Kiingereza, lakini uti wake uwe kama huu:

"Naomba nafasi ya fundi msaidizi wa sola. Nilikamilisha miaka 2 kati ya 3 ya shahada ya umeme mjini Goma (krediti 120 kati ya 180). Masomo yalikatizwa Januari 2025 kwa sababu ya vita. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwa miaka 2 na fundi wa sola. Mfumo mkubwa niliofunga ulikuwa wa duka: paneli 4 za wati 250, betri 2 za volti 12 na ampea-saa 200 zilizounganishwa kwa mfululizo kupata volti 24, na inveta ya kVA 2. Fundi alichagua ukubwa wa vifaa. Mimi nilifunga paneli juu ya bati, nikavuta nyaya, nikapima volti kabla ya kuwasha. Sina leseni ya EPRA, hivyo nitafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni."

Bila shaka utaweka vifaa vyako vya kweli. Ile sentensi ya "fundi alichagua" wengi huiogopa, ilhali ndiyo inayomfanya msomaji aamini zile nyingine. Na ujiandae: ukitaja betri mbili za mfululizo, utaulizwa zinatunza nguvu kiasi gani. Volti 24 mara ampea-saa 200 ni wati-saa 4,800, na huzitumii zote, kwani betri za asidi zikinyonywa hadi chini kila siku hufa mapema. Ukilijibu hilo umesimama, hakuna atakayeuliza tena kuhusu mwaka wa tatu.

Hali yako ya ukimbizi iwekwe chini ya wasifu, mstari mmoja: kitambulisho cha mkimbizi unacho, na kibali cha kazi cha Daraja M unacho au unakiomba. Mwajiri anaogopa makaratasi kuliko anavyokuogopa wewe, hivyo mwambie ziko wapi.

Kwa karatasi ya Kenya unayoweza kuipata bila kurudi mwaka wa kwanza, uliza NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuhusu mtihani wa ufundi. Wanapima kwa vitendo, kuanzia Gredi ya 3. Kama umeshajiandikisha, taja tarehe ya mtihani kwenye barua. Kama bado, usitaje.

Na mdhamini asiwe mjomba peke yake, hasa kama mna jina moja. Mtafute yule mwenye duka, akikubali, uweke namba yake.