Tumbo kujaa gesi mara tu baada ya kula

"Nipo Uyole, Mbeya. Nikila ugali maharage, nusu saa tu tumbo limejaa gesi. Ninunue metronidazo?"

Ndugu, usiinunue kwanza. Bakteria wakizidi kwenye utumbo mwembamba huchachusha chakula mapema, ila dalili hiyo peke yake haithibitishi. Ulizia hospitali ya rufaa kipimo cha pumzi: unakunywa glukosi gramu 75, unapuliza kila baada ya muda. Gesi ya hidrojeni kwenye pumzi yako ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi kuliko mwanzo ndani ya dakika 90, bakteria wamezidi.

Antibayotiki kama metronidazo, ukizitumia ndani ya wiki 4 kabla ya kipimo, zinaweza kuficha tatizo. Siku ya kuamkia kipimo acha maharage, kula wali mweupe na mayai, kisha funga saa 8 hadi 12. Ukikonda au ukiona damu kwenye choo, usingoje kipimo, muone daktari.