Sivi jointi ikishaanza kulia, grisi haiiponyi

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu Toyota IST yake. Akikata kona kali huku akikanyaga mafuta, mbele upande wa kushoto panalia ka-ka-ka-ka. Akinyoosha usukani kelele inakata. Fundi amemwambia wafungue buti, ule mpira unaofunika sivi jointi, wajaze grisi mpya, wafunge klipu, kazi iishe. Anauliza kama hiyo inatosha.

Haitoshi. Sababu yake iko kwenye kazi inayofanywa na sivi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, kazi ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuelezwa.

Kwenye gari kama IST, gurudumu lile lile linaloelekea kona ndilo linalovuta gari, na papo hapo linapanda na kushuka kufuata mashimo ya barabara. Shafti inayotoka giaboksi kwenda gurudumuni lazima izunguke ikiwa imekunjika, na usukani ukizungushwa hadi mwisho mkunjo huo unakaribia nyuzi 40. Utauliza, kwa nini wasitumie krosi kama ile ya propela shafti ya lori, maana nayo inakunjika? Inakunjika, ila haipitishi mwendo sawasawa. Ikunje nyuzi 30, upande mmoja uzungushe mara 100 kwa dakika bila kubadilika. Upande wa pili utakuwa unashuka hadi kama 87 na kupanda hadi kama 115, mara mbili katika kila mzunguko. Kwa IST, mizunguko 100 ni mwendo wa kama kilomita 12 tu kwa saa. Gurudumu lingekuwa linavuta na kusita, usukani unakutetemekea mikononi, na kadiri unavyozidi kukata kona ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Propela shafti inaponea kwa sababu ina krosi mbili zilizofungwa kwa mpangilio: kinachoharibiwa na ya kwanza kinarekebishwa na ya pili, mradi mikunjo yao ilingane. Mbele haiwezekani, kwa kuwa mkunjo wa upande wa gurudumu unabadilika kila ukigusa usukani, na ule wa upande wa giaboksi haubadiliki nao.

Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, alilitatua hilo mwaka 1926, na sivi jointi ya nje ya IST inafuata wazo lake hadi leo. Ndani ya kikombe cha chuma kuna gololi 6. Kila gololi imekaa kati ya mfereji wa kikombe na mfereji wa kipande cha katikati kilichoshika shafti. Keji inazishika zote 6 na kuzilaza daima nusu kwa nusu kati ya pande mbili, hata mkunjo uwe mkubwa kiasi gani. Kwa kuwa gololi ziko katikati kabisa, mwendo unaoingia ndio unaotoka.

Jointi ya ndani, ile ya upande wa giaboksi, ni ya namna nyingine. Ina rola tatu zinazoteleza kuingia na kutoka ndani ya kikombe, kwa sababu gurudumu likipanda na kushuka urefu wa shafti unahitaji kubadilika. Hii haikunjiki sana, na ikichakaa haitoi ka-ka-ka. Dalili yake ni gari kutetemeka ukikanyaga mafuta barabara imenyooka, na kutulia ukiachia. Wengi hukimbilia kubalansi matairi, wanalipa, na mtetemo unabaki pale pale.

Sasa kelele ya msomaji wetu. Gololi zimebanwa kwa nguvu kubwa kwenye sehemu ndogo sana za chuma, na kinachozitenganisha na mifereji ni utando mwembamba wa grisi. Buti likipasuka, mzunguko wenyewe wa shafti unairusha grisi nje, kisha vumbi na maji vinaingia. Kwa sehemu kubwa ya safari gari linakwenda moja kwa moja, kwa hiyo gololi hula chuma na kuchimba vishimo karibu na pale pale zinapokaa gari likiwa limenyooka. Siku ukikata kona kali, kila gololi inalazimika kupanda ukingo wa kishimo chake kutoka na kurudi, na ndiyo ka-ka-ka unayoisikia. Grisi mpya itafunika vishimo, haitavijaza. Kelele itapungua kidogo, kisha itarudi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni upande upi. Usiamini kanuni ya “ukikata kulia ikalia basi ni ya kushoto”, inadanganya mara nyingi. Zungusha usukani hadi mwisho, chuchumaa nyuma ya tairi, uchunguze mikunjo ya buti moja moja ukiipanua kwa vidole. Tazama pia upande wa ndani wa rimu na kwenye shoka abzoba: ukiona mstari wa grisi nyeusi iliyorushwa kama iliyopulizwa, buti limepasuka hata kama huoni mpasuko. Chukua grisi iliyobaki, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa laini na jointi haijalia bado, kuosha kabisa na kubadilisha buti kutaiokoa. Ukihisi mchanga, au ukaona vimeng’emeng’e vya chuma juani, badilisha jointi.

Kwa huyu wa Morogoro, jointi imeshalia, kwa hiyo anunue sivi jointi ya nje yenye buti, klipu, nati na pakiti ya grisi. Aende dukani na ya zamani mkononi. Yahesabiwe meno ya upande wa hab, pale gurudumu linapofungwa, na meno ya upande wa shafti, na kama gari lina pete ya ABS kwenye jointi, mpya nayo iwe nayo, yenye meno idadi ile ile. Zinazofanana kwa macho hupishana kwa meno mawili matatu. Shafti nzima ya mtumba siipendekezi, maana huwezi kuona mifereji yake bila kuifungua.

Kwenye kazi yenyewe, asimamie mambo matatu. La kwanza, nati kubwa ya hab ilegezwe tairi likiwa chini na breki imekanyagwa. La pili, grisi iwe ile ya pakiti, nyeusi yenye molibdeni, na itiwe yote, nyingi kwenye gololi na inayobaki ndani ya buti. Grisi ya kawaida ya beringi haihimili mgandamizo wa humo. Klipu ziwe za chuma zilizokazwa kwa koleo lake, kwani waya hukata mpira. Buti la kupasua na kugundisha kwa gundi ni la kukufikisha nyumbani tu.

La tatu ndilo linalopuuzwa zaidi: nati ya hab. Kwa IST ni soketi ya 30, na inakazwa nyutonimita 216 kwa spana ya kipimo, kisha ukingo wake unagongwa uingie kwenye mfereji wa shafti isijifungue. Nati hiyo ndiyo inayobana beringi ya gurudumu pamoja. Ikilegea, beringi itaanza kuvuma baada ya muda, na fundi atakuambia ni bahati mbaya. Kwa sababu hiyo hiyo, gari lisishushwe na kusukumwa huku na huku gereji wakati shafti imetolewa.

Likimalizika, litolewe uwanjani, usukani uzungushwe hadi mwisho kushoto, kisha kulia, likizunguka taratibu huku likikanyagwa mafuta kidogo. Likiwa kimya pande zote mbili, chungulia chini ya giaboksi pale shafti inapoingia. Kama shafti ilichomolewa yote na sili ikakwaruzwa na meno yake, tone la oili litakuwa linaning’inia hapo, na sili ibadilishwe siku hiyo hiyo kabla oili ya giaboksi haijapungua.