Chupa, kopo na boksi za vipodozi vyako vipya: anza na kifuniko

Wengi wanaoniuliza kuhusu vifungashio wanakuja na picha ya chupa kwenye simu, wameshaipenda, wanataka tu niwaambie Kariakoo inapatikana duka gani na bei ya jumla ni shingapi. Mimi nawarudisha nyuma kidogo, nauliza ndani unaweka nini na mteja wako wa mbali kabisa yuko wapi, maana ukishajua hayo mawili, nusu ya zile chupa za kwenye picha zinajiondoa zenyewe.

Nitatumia mfano wa mdada mmoja niliyekuwa namsaidia hapa Dar, ana bidhaa mbili, mafuta ya nywele ya mililita 100 (nazi, nyonyo na karafuu kidogo) na mafuta ya mwili ya shea bata kwenye kopo la gramu 200. Wateja wake wa jumla wengi wako Mbeya, mzigo unapanda basi. Hapo hapo ujue una shida tatu, mafuta ni mepesi yanapenya popote, buti la basi lina joto, na Mbeya iko juu.

Hiyo ya Mbeya kuwa juu watu hawaifikirii kabisa. Chupa ukiifunga Dar unakuwa umefungia na hewa ya usawa wa bahari humo ndani, sasa basi likishapanda Kitonga na kuendelea hadi Mbeya kwenye kama mita 1,700, msukumo wa hewa ya nje umeshapungua kwa kama asilimia 18, ile ya ndani bado ina nguvu zake za Dar, kwa hiyo inasukuma mafuta kutafuta njia ya kutokea. Chupa iliyokaa mezani kwako wiki nzima bila kuvuja inafika Mbeya imelowa. Na ukifungasha sehemu ya juu ukapeleka pwani inakuwa kinyume chake, chupa laini inabonyea kwa ndani, stika inajikunja.

Ndo maana nasema anza na kifuniko. Yule mdada muuzaji alimwambia "Dada chukua hii ya kufyatua, ndo inatoka sana saivi", na ni kweli ile ya kufyatua inapendeza, mteja anaifungua kwa kidole gumba, lakini kwa mafuta ina njia mbili za kuvuja, pale kifuniko kinapokaa kwenye mdomo wa chupa na pale kwenye katundu ka juu. Kifungue ukiangalie kwa ndani. Kizuri kina kapete ka plastiki kanakoingia ndani ya shingo ya chupa na kubana, au kina kisponji cheupe kinachokaa juu ya mdomo, na kale kapini ka juu kanaingia kwenye tundu mpaka unasikia kamebana. Kama ndani ni tupu, yaani ni nyuzi za kuzungusha tu, hicho kwa shampuu nzito sawa ila kwa mafuta ya nywele achana nacho. Sisi tukachukua kifuniko cha kawaida cha kuzungusha chenye kisponji, na ndani ya mdomo tukaweka kizibo chenye tundu dogo, mafuta yanatoka kwa matone, na mteja anapenda vilevile kwa sababu hayamwagiki mengi kichwani.

Alafu kuna mambo ya namba. Kwenye vifuniko utakuta 24/410 au 24/415 au 28/410. Ile ya kwanza ni upana wa mdomo kwa milimita, ya pili ni aina ya nyuzi, 410 inazunguka kama mara moja na nusu, 415 inazunguka mara mbili na shingo yake ni ndefu. Sasa dukani vifuniko vinachanganyika, unapewa chupa ya 410 na kifuniko cha 415 vyote upana 24, unazungusha kinaingia, kinakaza, unaona kimefunga kumbe kimegotea kabla hakijafika kwenye mdomo. Kwa hiyo chupa na kifuniko nunua pamoja, na ukishafunga kifungue tena uangalie kisponji, lazima kiwe na alama ya duara kamili pale mdomo ulipokandamiza. Duara likiwa limekatika upande mmoja, hapo ndo yatakapopitia mafuta.

Kingine pitisha kucha taratibu juu ya mdomo wa chupa, kuzunguka wote. Chupa za plastiki zina mshono ule wa umbo, na zile za bei chee mara nyingi mshono unapanda mpaka juu ya mdomo, kucha inakwama kidogo. Hako kamstari unakokasikia kwa kucha ni mfereji tayari, kaza kifuniko utakavyokaza mafuta yatapita hapo.

Kuhusu plastiki yenyewe sitaki kukuchosha, geuza chupa uangalie pembetatu ya chini. Namba 1 ni PET, ile angavu inayong'aa kama kioo, kwa mafuta mengi iko vizuri ila usimimine kitu cha moto humo, ikikaribia nyuzi 70 inajikunja. Namba 2 ni HDPE, ngumu yenye ukungu, haipasuki ovyo, ila inanyonya manukato polepole. Namba 5 ni PP, makopo mengi na vifuniko. Namba 6 ndo ya kukimbia kama bidhaa yako ina mafuta makali kama karafuu au mti chai, ni ile angavu ngumu ya makopo mengine yanayofanana na kioo, inapendeza sana dukani lakini baada ya muda inafanya nyufa ndogondogo kama utando wa buibui na mwisho inapasuka. Na zile chupa za kioo zenye dropa, ule mpira wa juu ukipata mvuke wa mafuta makali unalainika na kunatanata, kwa hiyo dropa weka kwenye serumu zisizo na mafuta hayo kwa wingi, na usiisafirishe ikiwa imelala.

Kabla hujalipia mzigo nunua chache za kujaribia, uzijaze bidhaa yako yenyewe sio maji. Usijaze mpaka juu kabisa, acha nafasi ya hewa kwenye shingo. Funga, kesho yake kaza tena, kwa sababu plastiki na kisponji vikishakaa usiku mmoja vinalegea kidogo, hii kwa kweli ni hatua ndogo inayookoa mzigo mwingi. Alafu pima kila chupa kwenye mzani mdogo wa jikoni, andika uzito, zilaze juu ya gazeti, nyingine zipindue kichwa chini, uziweke ndani ya gari lililofungwa juani mchana kutwa, usiku ziingie friji, rudia siku tatu hivi. Gazeti linasema ukweli, tone la mafuta hata dogo kiasi gani linaacha doa unaloweza kuona mwanga ukipita. Mwisho zipime tena, uzito ukipungua huku gazeti ni kavu ujue kuna kinachotoka kwa mvuke, na hata usipopungua fungua uangalie kwenye nyuzi za kifuniko, mafuta yanaweza kuwa yamejificha humo. Kama unaweza, mpe mtu anayesafiri chupa mbili tatu zipande kweli hadi huko wateja waliko, hakuna jaribio linaloshinda hilo.

Kopo la shea bata ndo linadanganya watu zaidi. Dukani imeganda, unaona haiwezi kuvuja, lakini shea bata inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, buti la basi linafika huko bila shida, kwa hiyo kopo lijaribu kama vile umeweka mafuta ya maji. Kile kishiti cheupe kinachokaa chini ya kifuniko sio kizuizi, kipo kwa usafi. Na lile plastiki la kubana kwa joto linaonyesha tu kwamba hakuna aliyefungua, halizuii mafuta. Kinachozuia ni foili inayogandishwa kwenye mdomo kwa mashine, na hiyo lazima iendane na plastiki ya kopo, foili ya PET kwenye kopo la PP inabanduka, na mdomo wa kopo ufutwe ukauke kwanza maana ukiwa na mafuta haishiki.

Sasa hela. Tufanye hesabu ya mfano, chupa ya kufyatua ni 450, ile yenye kizibo na kisponji ni 650. Katoni ya chupa 24 tofauti ni shilingi 4,800. Mafuta anauza jumla 7,000. Ikivuja chupa moja tu kwenye katoni umeshapoteza zaidi ya hiyo tofauti, na bado hujahesabu majirani zake ambazo stika zimelowa na mwenye duka anataka punguzo. Kwa hiyo bei ya chupa usiilinganishe kwa chupa tupu, jumlisha kifuniko, kizibo, stika, nauli na zinazoharibika.

Kuhusu kupendeza, na mimi naipa uzito kweli kwa sababu kitu kisichoonekana hakiuziki, nenda kasimame kwenye duka lenyewe. Maduka yetu mengi ya vipodozi mteja anasimama mbele ya kaunta na bidhaa ziko nyuma ya muuzaji, hatua mbili au tatu. Bandika stika kwenye chupa tupu, muombe mwenye duka aiweke kati ya zingine, simama pale ulipo mteja uone kama jina linasomeka. Chupa ndefu nyembamba inaonekana kubwa kuliko fupi nene ya ujazo uleule, ila hakikisha haianguki ikiguswa. Chagua yenye ubavu ulionyooka, ile yenye mikunjo stika inafanya mapovu, na unahitaji nafasi ya viambato, namba ya toleo, tarehe na ujazo, TBS wanaviangalia hivyo. Stika iwe ya plastiki, ya karatasi ikiguswa na mkono wa saluni wenye mafuta imekwisha.

Boksi la chupa mojamoja mimi naliweka mwisho. Kwa chupa ya kioo au zawadi sawa, chukua karatasi ya gramu 300 hadi 350 yenye lamineshoni maana pwani unyevu unalegeza, na vipimo chukua kwenye chupa iliyojazwa, ina kifuniko na stika, uongeze milimita 2. Lakini kwa mafuta ya 100 yaliyoko kwenye PET, hela hiyo weka kwenye vigawanyio vya ndani ya katoni, chupa zisimame kila moja na chumba chake. Yule mdada ndivyo alivyofanya, boksi akaliacha kwa seti za zawadi tu.

Na kila ukipokea mzigo mpya wa vifuniko, hata kama ni duka lilelile na rangi ileile, chukua vichache urudie kucha, duara la kisponji na gazeti, kwa sababu muuzaji akibadilisha kiwanda hakwambii, na wewe ya zamani weka moja pembeni ya kulinganishia.