Viti vya wasichana chuoni: nani anapata, nani anakosa

"Kijana wangu ana pointi 11 za PCB na amekosa udaktari. Nasikia mabinti wa pointi 9 wamechukuliwa. Huo si ubaguzi?" Mzazi, Kongwa

Pole, mzazi mwenzetu. Tuanze na hesabu kabla ya sheria. Chukua kozi yenye nafasi 60 na waombaji 600, na chuo kimetenga nafasi 12 kwa wasichana walioangukia chini ya mstari. Nafasi hizo zisingetengwa, wangeingia wale walioshika namba 49 hadi 60 kwenye orodha ya ushindani. Walioachwa ni 540, na kati yao ni hao 12 tu, tena kwa wingi wake, ambao wangepata. Wengine wote wangekosa hata kama hakuna binti aliyebebwa. Lakini kila mmoja anarudi nyumbani akiamini kiti chake kakalia msichana wa pointi 9. Kwa hiyo ulizia chuoni: wa mwisho kuingia kwa ushindani wa wazi alikuwa na pointi ngapi? Ikiwa ni 13, basi 11 haikuwa jirani na mlango.

Akiwa kweli ni mmoja wa wale 12, hatutamfariji kwa uongo. Amepoteza kitu halisi, na analipia kosa ambalo hakulitenda yeye. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote dhidi ya upendeleo wa aina hii. Kisheria, Katiba yetu ibara ya 13 inakataza ubaguzi, kisha ibara ndogo ya 13(5) inasema wazi kwamba katazo hilo haliizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi kurekebisha matatizo katika jamii. Kimaadili, hakuna mwombaji anayemiliki kiti kabla ya uchaguzi. Haki yake ni kupimwa kwa vigezo vilivyotangazwa kabla hajaomba, na vitumike hivyo hivyo kwa kila mtu. Chuo kikiamua kutenga nafasi baada ya kuona maombi, hapo kijana ana malalamiko ya haki kabisa.

Na asikae tu. Udahili huenda kwa awamu, na nafasi hubaki kwa sababu waliochaguliwa vyuo kadhaa huthibitisha kimoja. Aombe tena awamu inayofuata, akitazama vyuo ambavyo kozi hiyo haijajaa.

"Viti vya upendeleo vijazwe kwanza au mwisho? Kwenye kamati yetu wengine wanasema haina tofauti." Mwalimu, Dodoma mjini

Ina tofauti kubwa, na ndipo nia njema nyingi zinapopotelea. Tuichambue kwa orodha ndogo. Nafasi ni 10, tatu kati yake ni za wasichana. Waombaji wamepangwa kwa alama, na wasichana wako namba 2, 5, 9, 12 na 13.

Mkijaza viti vya wasichana kwanza, vitatu hivyo vitakwenda kwa namba 2, 5 na 9. Nafasi saba za wazi zitachukuliwa na 1, 3, 4, 6, 7, 8 na 10. Tazameni matokeo: wameingia namba 1 hadi 10, yaani walewale ambao wangeingia bila upendeleo wowote. Mmetangaza hatua ya kuwainua wasichana na hamjamwinua hata mmoja.

Sasa anzeni na nafasi saba za wazi. Wanaingia namba 1 hadi 7, wakiwemo wasichana wawili walioshinda kwa alama zao wenyewe. Kisha viti vitatu vilivyotengwa vinakwenda kwa 9, 12 na 13. Wasichana ni watano, na wavulana waliokosa ni namba 8 na 10.

Njia ipi ni sahihi? Inategemea mnachokitafuta. Mkitaka tu darasa lisikose wasichana, njia ya kwanza inatosha, kwa sababu inaweka sakafu ya watatu na haimgusi mtu pale sakafu inapofikiwa yenyewe. Mkitaka kufidia waliocheleweshwa, ni lazima mtumie ya pili, kwani msichana aliyeshinda kwa nguvu zake hapaswi kula kiti cha aliyewekewa fidia. Brazili ililiona hilo. Sheria yao ya 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho, na mwaka 2023 ikarekebishwa ili mwombaji ashindanishwe kwanza kwenye nafasi za wazi, akikosa ndipo ahesabiwe kwenye zilizotengwa.

Kuongeza pointi ni kitu kingine tena. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5. Njia hiyo inadhibiti pengo la alama, haidhibiti idadi. Kozi ambayo wasichana wako nyuma kwa pointi 3 haitapata msichana hata mmoja zaidi, na ile ambayo tayari wako sawa na wavulana itajaa wao. Kutenga viti ni kinyume chake: idadi mnaijua, pengo hamlijui. Ndiyo maana tungeshauri viti viende pamoja na sakafu ya alama.

"Binti wa ofisa aliyesoma shule ya ada kubwa na binti wa shule ya kata Chemba, wote wanahesabiwa wasichana. Fidia gani hiyo?" Msomaji, Bahi

Umegusa penye jipu, ndugu yetu. Viti vikitengwa kwa jinsia peke yake, vinachukuliwa na wasichana walio karibu zaidi na mstari, na hao kwa kawaida ndio waliosoma shule nzuri. Aliyeumizwa sana yuko mbali na mstari, na fidia inampita juu ya kichwa.

India iligombana na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1992 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Indra Sawhney iliyohusu ajira za serikali, ilikubali nafasi za matabaka yaliyoachwa nyuma lakini ikaagiza familia zilizokwisha kunyanyuka ndani ya matabaka hayo ziondolewe. Baadaye kanuni hiyo ikatumika vyuoni pia. Brazili ilipita njia nyingine: nafasi zilizotengwa ni za waliosoma sekondari yote ya juu kwenye shule za umma, na nusu ya hizo ni za familia zenye kipato kidogo.

Hapa kwetu kuna mtego ambao mgeni hauoni. Ukitazama shule ya kidato cha sita utadanganyika, kwa sababu TAMISEMI hupanga wanafunzi wa kidato cha tano kutoka nchi nzima. Msalato hapa Dodoma ni shule ya vipaji maalumu. Humo binti wa mkulima wa mtama na binti wa mkurugenzi wanakaa dawati moja na vyeti vyao vinaonyesha shule ileile. Kidato cha nne kinasema zaidi, lakini kinachosema kweli kuliko vyote ni darasa la saba. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili shule ya serikali kijijini amefika kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza kwa siku moja, wakati mwenzake wa inglishi midiamu anaendelea na lugha aliyoizoea kwa miaka saba. Pengo hilo linamfuata hadi kwenye karatasi ya baiolojia ya kidato cha sita.

Kumbukumbu za darasa la saba zipo, na kuzighushi ni vigumu kuliko barua ya kipato. Kwa barua hizo hatuna imani kubwa: mzazi mwenye biashara isiyo na hesabu za maandishi anaweza kuandikiwa kipato chochote. Na mkichukua shule kama kigezo, hesabuni miaka yote. Mkitazama mwaka wa mwisho tu, wenye uwezo watahamisha watoto miezi michache kabla ya mtihani.

"Wakiingizwa na pointi ndogo si watafeli na kuaibika?" Mwanafunzi, Mpwapwa

Kwanza tofautisha pointi ndogo na pointi zisizotosha, mdogo wetu. Udaktari una sakafu yake ya kitaifa: ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wenye jumla isiyopungua pointi 6. Binti mwenye C tatu ana 9. Mstari wa chuo ukipanda hadi 13, ni kwa sababu waombaji ni wengi na viti ni vichache, wala haina maana kwamba 9 haiwezi masomo.

Hatari inakuja pale anapoingizwa na kuachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweka mafunzo ya awali ya wiki sita kwa wasichana waliokosa kidogo nafasi za sayansi, na waliofanya vizuri kwenye mtihani wa mwisho ndio walioingia. Hapo upendeleo ulikuwa nafasi ya pili ya kujipima, na yeyote aliyeingia aliingia akiwa amethibitisha.

Anayetaka kujua kama wanafeli, asilinganishe wastani wa waliopendelewa na wastani wa darasa zima, maana darasani wamo wenye A tatu. Awalinganishe na wavulana walioingia kwa kubahatisha, walio juu kidogo tu ya mstari, mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Na atenganishe aliyefeli mtihani na aliyeacha kwa kukosa mkopo. Kwenye orodha wote wameandikwa hawapo, ila tiba zao ni tofauti.

"Kuna haja gani ya kutafuta daktari wa kutoka kijijini? Daktari si daktari?" Mkazi, Kondoa

Kwa mgonjwa wa kijijini kwenu, haja ipo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2010 ya kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, lilishauri vyuo vidahili wanafunzi waliotoka huko, kwa sababu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko. Hoja hii haidai fidia kwa mtu, inadai huduma kwa walioachwa bila daktari.

Inafanana na hoja ya mchanganyiko, ile ya kwamba darasa lenye watu wa asili mbalimbali linamfaa kila mmoja, iliyosimama Marekani kuanzia kesi ya Bakke mwaka 1978, pale chuo cha udaktari cha Davis kilipotenga viti 16 kati ya 100 kwa waombaji wa jamii za wachache. Mahakama ilivikataa viti hivyo lakini ikaruhusu rangi izingatiwe pamoja na mengine, hadi mwaka 2023 ilipoufunga na mlango huo. Udhaifu wake ni huu: mwanafunzi anaingizwa kwa faida ya wengine. Msandawe mmoja darasani, anayeulizwa kila wiki "nyinyi huko mnaishije", amegeuzwa kielelezo. Wakiwa watano, kila mmoja anabaki kuwa yeye.

"Upendeleo huu hadi lini?" Diwani, Chamwino

Mheshimiwa, tusiweke mwaka. Mwaka 2003 jaji mmoja wa Marekani alitarajia kwamba miaka 25 ingetosha. Mahakama yenyewe haikufika nayo.

Kipimo bora kimo ndani ya ile orodha ya watu 10. Mkijaza nafasi za wazi kwanza, kila mwaka mtaona ni wasichana wangapi walioingia kwa alama zao na mstari wa viti vilivyotengwa uko chini kiasi gani. Leo aliyeingia mwisho ni namba 13. Atakapokuwa namba 11, pengo limebaki uzi, na hapo vipunguzeni kimoja kimoja. Chuo kifanye hesabu hiyo kwa kila kozi peke yake. Uuguzi na uhandisi haviwezi kufika mwisho mwaka mmoja.