Jibu: Mwathirika aliyewaingiza wengine kwenye upatu

"Niliwaingiza jamaa wanne kwenye uwekezaji wa mtandaoni, umefungwa na fedha zangu zimekwenda. Nikienda polisi, nitakuwa mlalamikaji au mtuhumiwa?"

Salaam ndugu. Kesi ya DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, ina mwanga kwako. Maelfu walikuwa "wamepanda mbegu", yaani wameweka fedha zao, wakingoja kuvuna, lakini waliopandishwa kizimbani katika mahakama ya Kisutu walikuwa viongozi, kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani. Waliopanda tu hawakushtakiwa kwa kupanda.

Wewe uko katikati, na hapo kinachopimwa ni ulichojua na ulichopata. Angalia kwanza miamala yako: je, fedha za jamaa zako zilipita kwenye simu yako, na ulilipwa kamisheni kwa kila aliyejiunga? Kisha soma ujumbe uliowatumia na tarehe zake. Aliyeandika "mimi nimeweka, nasubiri" hafanani na aliyeandika "faida ni ya uhakika" ilhali malipo yake mwenyewe yalikwishakwama. Huyo wa pili anaweza kushtakiwa kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu hata kama naye amepata hasara.

Usifute chochote kwenye simu, maana kufuta huonekana kama kuficha, na mara nyingi huo ndio ushahidi pekee wa kukutetea. Ikiwa ulipokea kamisheni, muone wakili kabla ya kuandika maelezo polisi, na uitaje kamisheni hiyo mwenyewe.